Wadaiwa Sugu 24, Miti 500

Tuseme chama cha akiba na mikopo kina kumbukumbu za mikopo 400 iliyomaliza muda wake, na 24 kati yake iligeuka chechefu. Kinataka kompyuta ikadirie ni mwombaji gani atashindwa kulipa. Asilimia ya majibu sahihi haisaidii hapa: programu inayosema kila mtu atalipa hupatia kwa asilimia 94, na haijamnasa mdaiwa sugu hata mmoja.

Njia mbili hushindanishwa. Rigresheni ya lojistiki huipa kila sifa ya mkopaji uzito wake, iwe akiba, kipato au ucheleweshaji wa zamani, kisha hugeuza jumla yake kuwa uwezekano kati ya 0 na 1. Msitu wa nasibu, ulioelezwa na Leo Breiman mwaka 2001, huotesha mamia ya miti ya maamuzi na kuchukua wastani wa majibu yake.

Kwa data nyingi, msitu mara nyingi hushinda. Lakini hapa kipimo cha utajiri wa data ni wale 24, si 400. Kila mti hufunzwa kwa sampuli ya kubahatisha inayoacha nje zaidi ya theluthi ya wakopaji, hivyo huona wadaiwa sugu kama 15 tu. Ukiendelea kujigawa hadi matawi ya mwisho yabaki na mtu mmojammoja, unakuwa umekariri watu badala ya kujifunza tabia zao. Lojistiki nayo ina mipaka: desturi ya zamani hudai wadaiwa kama kumi kwa kila sifa, kwa hiyo sifa mbili au tatu zinatosha. Anayetaka zaidi auminye uzito wa sifa usivimbe.

Sasa mtego ninaouogopa kuliko yote. Mchambuzi huwarudufisha wale 24 ili wakaribiane kwa idadi na walipaji, halafu ndipo anatenga data ya majaribio. Nakala za mtu yuleyule huangukia pande zote mbili. Msitu uliomkariri humtambua mara moja, na matokeo hung'aa ajabu. Lojistiki, isiyoweza kukariri hivyo, huonekana dhaifu. Dawa ni kutenga kwanza, kisha kurudufisha upande wa mafunzo peke yake. Ukigawa data mafungu matano, kila fungu la majaribio lina wadaiwa wanne au watano, na kumkosa mmoja hushusha alama kwa asilimia 20 au zaidi. Kwa hiyo ugawaji urudiwe mara nyingi.

Mara nyingi hata kurudufisha hakuhitajiki, kinachohitajika ni kusogeza mstari wa kukataa. Ikiwa mkopo mbaya hupoteza shilingi 500,000 na mzuri huingiza 50,000, mwombaji akataliwe uwezekano wake wa kushindwa ukizidi 50,000 kwa 550,000, yaani asilimia 9 hivi. Hesabu hiyo hudai makadirio ya kuaminika, nami kwa wadaiwa 24 ningeanza na lojistiki yenye sifa tatu.