Kapsheni za video fupi za mahindi ya kuchoma: mtu aisikie harufu kabla hajafika

Wadau, leo niongee na wale mnaochoma mahindi jioni na mnarusha video fupi Instagram au TikTok. Video zenu nyingi ni nzuri, moto unaonekana, hindi linageuzwa, ila chini pameandikwa "Karibuni wateja wetu, mahindi matamu sana kwa bei nafuu". Hiyo kapsheni ukiitoa kwa mahindi ukaiweka kwa chapati, inakaa vilevile. Ukiiweka kwa viatu utafuta neno moja tu, "matamu". Ndiyo ujue haijasema kitu.

Simu haitoi harufu, na hindi la kuchoma linauzwa na harufu. Barabarani mtu hata hakuangalii, anapita na mawazo yake, upepo unamletea ile harufu ya punje zinazobabuka, anasimama mwenyewe. Kwenye video kazi hiyo inafanywa na maneno. Na kila unalochelewa kuuza leo, kesho limeshakuwa gumu, ule utamu umepungua, kwa sababu sukari ya hindi bichi inaendelea kugeuka wanga tangu lilipovunjwa shambani. Nguo inaweza kusubiri mteja wiki nzima, hindi halisubiri.

Nianze na neno lenyewe, maana hapa watu wanajiharibia kweli. Kunuka na kunukia sio kitu kimoja. Nimewahi kuona mtu kaandika "mahindi yetu yananuka mpaka barabarani". Jamani! Hilo ni la jalalani. Hindi linanukia. Na ukitaka kutumia "harufu", usiiache peke yake, ipe kitu inachotoka: harufu ya ndimu kwenye moto, harufu ya punje zilizobabuka. Vilevile usiseme hindi "limeungua", sema limebabuka au limeiva. Linaloungua ni la kutupa.

Sasa harufu unaiandikaje? Sio kwa kurundika sifa. Tamu, tamu sana, tamu balaa, mtu hapati picha yoyote. Taja kile kinachonukia, basi, akili ya msomaji inamalizia yenyewe. Hindi la kuchoma lina vitu vichache tu: mkaa, punje, chumvi, pilipili, ndimu. Ukiandika "ndimu" mtu mate yanamjaa mdomoni kabla hajafika mwisho wa mstari. Lugha yetu nayo imetusaidia, maana sisi harufu tunaisikia. Kwa hiyo swali kama "Umeisikia hiyo harufu?" chini ya video yenye mlio wa punje zinapasuka linafanya kazi mbili kwa pamoja.

Nitoe mfano wa dada mmoja anayechoma mbele ya kiduka changu, karibu na kituo cha daladala. Huwa anachajia simu kwangu, ndiyo tukaanza kuandika wote. Kapsheni yake ilikuwa hivi: "Habari zenu wapendwa, kwa mahitaji ya mahindi ya kuchoma matamu na masafi karibuni sana tukuhudumie, bei ni nafuu, tunapatikana Dar es Salaam."

Tulifuta salamu kwanza. Sio kwamba salamu ni mbaya, ana kwa ana huwezi kuiruka, lakini chini ya video fupi inaonekana mistari ya mwanzo tu, mingine inafichwa mpaka mtu abonyeze. Salamu na "wapendwa" zilikuwa zimekula nafasi yote. Halafu nikamwuliza, dada, mteja akisimama kwako kitu gani kinamfanya ameze mate? Akajibu bila kufikiri: ni pale ninapochovya ndimu kwenye chumvi na pilipili nikaipitisha kwenye hindi la moto. Basi, kapsheni ameshaisema yeye. Tukaandika:

"Ndimu, chumvi, pilipili, juu ya hindi la moto. Nyuma ya kituo, kila jioni. Dogo jero, kubwa buku."

Angalia ilivyopangwa. Kinachonukia kimetangulia, mahali na muda vimefuata, bei imemalizia. "Dar es Salaam" imeondoka kwa sababu jiji ni kubwa mno, hakuna atakayepanda daladala mbili kufuata hindi la jero. Wateja wako wa kweli ni wale wanaokijua hicho kituo, andika kwa ajili yao. (Kwake "kituo" kinatajwa kwa jina, hapa nimekiacha.)

Kuna neno "kila jioni" hapo, tuliligombania kidogo. Yeye alitaka "sasa hivi". Nikamwambia sasa hivi iweke kwenye status ya WhatsApp au stori, zile zinafutika baada ya masaa 24. Video fupi inaweza kumfikia mtu baada ya siku tatu, saa nne asubuhi, akaja na njaa yake akakuta jiko limefunikwa. Huyo harudi.

Jambo lingine, maneno yafanane na kinachoonekana. Ukiandika ndimu, ndimu ionekane mwanzoni mwa video, sio mwishoni ambako wengi hawafiki. Ukiandika "Pa! Pa! Punje zinaongea", ile sauti isifunikwe na muziki. Na wako wanaoangalia wakiwa wamezima sauti, hao ndio hiyo "Pa! Pa!" imeandikwa kwa ajili yao. Ukitaka kuandika maneno juu ya video yenyewe, yaweke katikati au juu, maana chini kuna jina la akaunti na kapsheni, na upande wa kulia kuna vitufe, vitayaziba.

Nyingine tulizoandika, chukua ubadilishe kulingana na jiko lako:

"Punje zimebabuka kidogo, ndimu imeshakatwa. Unakuja?"

"Umeisikia hiyo harufu? Ifuate mpaka nyuma ya kituo."

"Mkaa mwekundu, hindi bichi lenye maziwa. Pilipili unaamua wewe."

Hiyo ya mwisho usiitumie kama hindi lako limeshakomaa. "Lenye maziwa" maana yake ukiminya punje kwa ukucha linatoka tone jeupe. Likitoka maji matupu bado changa, lisipotoka kitu utamchosha mteja taya, na kapsheni yako ataikumbuka kwa ubaya. Kama mzigo wa leo umekomaa, taja ndimu na pilipili, maziwa yaache.

Ukimaliza kuandika, isome kwa sauti. Ukilazimika kuvuta pumzi katikati, kata. Hashtagi mbili tatu za eneo lako zinatosha, na ziwe mwisho kabisa, sio kabla ya ndimu.

Kujua kama imefanya kazi usihesabu likes. Soma komenti. Wakiuliza "uko wapi?" mahali hapajaonekana, pandisha juu. Wakiuliza "bei?" weka bei, na usimjibu mtu "njoo inboksi" kwa hindi la jero. Wakianza kuitana majina, "wewe twende leo", hiyo kapsheni itunze, rudi nayo wiki ijayo na video mpya. Ya kwenu mnaiandikaje? Wekeni hapo chini, na mtaje mnapochomea.