Pesa ya Januari na pesa ya uzeeni zisilale pamoja

Muuguzi wa Morogoro mwenye miaka 35 ana malengo matatu. Januari ijayo anahitaji ada ya shilingi 1,200,000. Baada ya miaka mitano anataka kianzio cha nyumba, milioni 12. Na akifika miaka 60 atastaafu. Kwa sasa akiba yake yote iko kwenye hatifungani ya Serikali ya miaka 20, maana riba yake, asilimia 12.10, ilimvutia.

Kwa uzee hapo hakukosea. Tatizo ni nyumba. Hatifungani hulipa riba kila miezi sita, lakini mtaji hurudi mwaka wa 20. Akizihitaji fedha mwaka wa tano, itabidi amtafute mnunuzi kupitia dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, na bei ataipanga mnunuzi. Ikiwa siku hiyo hatifungani mpya zinatoa asilimia 15, hakuna atakayempa milioni kamili kwa karatasi ya asilimia 12.10, atapata kama 830,000 kwa kila milioni. Serikali haijamdhulumu hata senti. Muda ndio uliomuumiza.

Ada haina ujanja: atenge 100,000 kila mwezi tangu Januari hii, mahali anapoweza kuzitoa ndani ya siku chache, kama mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS. Faida ya mwaka mmoja ni ndogo, asiihangaikie.

Kianzio ndicho chenye kazi. Tukikadiria faida ya asilimia 8 kwa mwaka, 165,000 kwa mwezi zitafika milioni 12 na ushei baada ya miaka mitano. Kila zikitimia milioni moja, ambayo ndiyo kima cha chini cha Benki Kuu kwa hatifungani, anunue ile inayoiva kabla ya tarehe ya nyumba, basi: ya miaka miwili inafaa hata mwaka wa tatu. Miezi kumi na minane ya mwisho kila kinachoiva kiende Ukwasi, hata kama jirani anasifia hisa fulani.

Uzeeni kuna miaka 25, kwa hiyo bei ikishuka mwaka huu haimkoseshi usingizi. Hapo ndipo hatifungani ndefu na hisa kidogo zinapostahili, juu ya michango ya NSSF au PSSSF. Akiweka 50,000 kwa mwezi kwa faida ya asilimia 10, na riba akiiwekeza tena badala ya kuila, atakuwa na takriban milioni 66. Asishangilie mapema: mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4, hizo zitanunua kile ambacho milioni 25 zinanunua leo.

Jumla ni 315,000 kwa mwezi. Mshahara usipotosha, nyumba isogezwe hadi mwaka wa saba. Ada haisogezwi, na fungu la uzeeni lisikopwe kujazia kianzio.