Malipo Mawili Kwenye Karatasi Moja: Kusoma Uthibitisho wa Muamala wa Fedha za Kigeni

Bei ya kununua au kuuza fedha za kigeni hukubaliwa kwa simu au kwenye skrini ndani ya sekunde chache, na mkataba huwa umeshafungwa papo hapo. Hati ya uthibitisho ambayo benki hutuma baadaye haileti mkataba mpya. Inaeleza tu jinsi benki ilivyouelewa ule uliokwisha kufanyika. Kwa hiyo huwezi kuisoma peke yake ukajua kama ni sahihi. Lazima uwe na kumbukumbu yako, uliyoiandika wakati wa kuzungumza bei, na uziweke mbili hizo pamoja.

Watu wengi wakiipokea hati hii hukimbilia kiwango cha ubadilishaji, kwa sababu ndicho walichobishania. Mimi nashauri kianze kitu kingine. Kila muamala wa fedha za kigeni ni malipo mawili yanayoelekea pande tofauti: mimi nakupa sarafu hii, wewe unanipa ile. Ukiyatambua malipo hayo mawili kwanza, nani anatoa nini na nani anapokea nini, mengine yote kwenye karatasi yanapata mahali pake.

Tuchukue mfano wa Mombasa. Chai inayouzwa mnadani huko hulipwa kwa dola, ilhali mishahara, umeme na usafiri hulipwa kwa shilingi. Tuseme kampuni moja ya chai, siku ya Jumatano tarehe 10 Desemba 2025, inaiuzia benki yake dola 250,000 kwa kiwango cha 129.20. Kiwango hicho ni cha mfano, lakini kalenda ni ya kweli, na baada ya muda mfupi tutaona kwa nini niliichagua wiki hiyo.

Benki zikithibitishiana miamala hutumia ujumbe wa SWIFT uitwao MT300. Mteja wa kawaida hupata barua, si ujumbe huo, ila barua hubeba mambo yale yale. Kiini cha muamala wetu kingeonekana hivi:

```
:30T:20251210
:30V:20251215
:36:129,20
:32B:USD250000,
:33B:KES32300000,
```

Mstari wa 30T ni siku ya makubaliano na 30V ni siku ya malipo. 36 ni kiwango. 32B ni kiasi kilichonunuliwa na 33B kilichouzwa. Mkato katika tarakimu ndio unaotenganisha sehemu ndogo, kama nukta tunavyoitumia sisi.

Hapa ndipo mtego wa kwanza ulipo. Kimenunuliwa na nani? Katika ujumbe huu ni mtumaji, yaani benki. Vivyo hivyo katika barua nyingi: maneno "tumenunua" ni ya benki, si yako. Kampuni yetu imeuza dola, na karatasi inasema dola zimenunuliwa, na yote mawili ni kweli. Mhasibu aliyezoea kusoma hati kwa jicho la kampuni yake anaweza kuona "dola zimenunuliwa" akaridhika, kumbe yeye ndiye aliyetaka kununua na benki imeandika kinyume. Kosa la kugeuza upande ni baya kuliko yote, kwa kuwa kulirekebisha kunahitaji muamala wa kufuta ule wa kwanza na mwingine wa kufanya kile kilichokusudiwa, na huenda bei imeshasogea. Andika pembeni kwa kalamu, kwa sentensi kamili: sisi tunatoa dola, sisi tunapokea shilingi.

Sasa jozi ya sarafu na kiwango. Jozi ikiandikwa USD/KES, sarafu ya kwanza ndiyo inayohesabiwa moja, na kiwango kinasema hiyo moja ni sawa na ngapi za ile ya pili. Dola moja, shilingi 129.20. Kwa mazoea ya soko, dola hutangulia sarafu nyingi, lakini euro na pauni huitangulia dola: EUR/USD, GBP/USD. Kati ya sarafu za majirani mambo huchanganya zaidi, kwa kuwa shilingi ya Kenya ikiwekwa mbele ya ya Tanzania kiwango huwa namba kubwa kuliko moja, na zikigeuzwa huwa sehemu ndogo ya moja. Huhitaji kukariri haya yote. Zidisha kiasi cha sarafu ya kwanza kwa kiwango, uone kama unapata kiasi cha sarafu ya pili kilichoandikwa. Kwetu, 250,000 mara 129.20 ni 32,300,000. Hesabu imekubali.

Hesabu kukubali hakutoshi, hata hivyo. Mtu akiingiza 129.02 badala ya 129.20, kompyuta itazidisha vizuri kabisa na kuchapa shilingi 32,255,000. Karatasi itakuwa haina doa, na kampuni itakuwa imepoteza shilingi 45,000. Kosa la kupindua tarakimu halionekani ndani ya hati yenyewe. Linaonekana tu ukilinganisha na kile ulichoandika wakati wa simu.

Tarehe ya malipo ndiyo sehemu inayosomwa kwa haraka kuliko zote, nami naona ndiyo inayostahili utulivu mkubwa. Mazoea ya soko la dunia kwa muamala wa kawaida ni siku mbili za kazi baada ya makubaliano. Maneno "siku za kazi" yana uzito: siku hiyo ya malipo lazima iwe ya kazi katika nchi za sarafu zote mbili, kwa sababu shilingi hupita katika mfumo wa malipo wa Kenya na dola hupita katika benki za Marekani. Hesabu basi. Makubaliano ni Jumatano tarehe 10. Alhamisi tarehe 11 ni siku ya kwanza. Ijumaa tarehe 12 Desemba ni Jamhuri, sikukuu ya taifa Kenya, hivyo haihesabiwi. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Siku ya pili ya kazi inaangukia Jumatatu tarehe 15. Mweka hazina aliyehesabu siku mbili kwa vidole na kuahidi kulipa watu Ijumaa atakuwa amekosea kwa siku tatu, na benki haitakuwa na kosa lolote.

Je, kama anahitaji shilingi Alhamisi? Anaweza kuomba malipo ya kesho yake, lakini alipaswa kuomba kabla ya bei kukubaliwa, kwa kuwa tarehe ni sehemu ya bei. Shilingi ikiwa na riba kubwa kuliko dola, benki inayotoa shilingi mapema inaacha riba nyingi na kupata dola zenye riba ndogo. Itafidia kwa kumpa muuzaji wa dola kiwango cha chini kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo, anayeuza dola leo ili azikabidhi baada ya miezi mitatu hupewa kiwango cha juu kuliko cha leo. Kwa hiyo ukiona tarehe kwenye hati si ile mliyokubaliana lakini kiwango hakikubadilika, usiseme ni jambo dogo la kalenda. Upande mmoja umepewa riba ambayo haikujadiliwa.

Siku ya malipo ina hatari nyingine, nayo ni saa. Tarehe 26 Juni 1974 wasimamizi wa Ujerumani walifunga benki ya Herstatt ya Cologne mchana ukiwa umeshaisha huko, wakati New York bado ni asubuhi. Benki zilizokuwa zimeshailipa marki za Kijerumani siku hiyo zilikuwa zikisubiri dola zao New York, na hazikuzipata. Tangu 2002 kuna mfumo uitwao CLS unaohakikisha malipo ya pande zote mbili yanafanyika pamoja au hayafanyiki kabisa, lakini shilingi zetu hazimo katika sarafu unazohudumia. Mwezi Desemba Nairobi iko mbele ya New York kwa saa nane. Ndiyo sababu benki nyingi hazitoi shilingi mpaka zione dola zimefika, na ndiyo sababu nawe unapaswa kujua, kabla ya siku yenyewe, nani atatangulia kulipa.

Yanabaki maelekezo ya malipo. Yatafute mara mbili, kwa kuwa malipo ni mawili: wapi dola zipelekwe, na wapi shilingi ziingie. Kwa shilingi, hakikisha jina la kampuni, namba ya akaunti, tawi na msimbo wa benki. Msimbo wa SWIFT una herufi na tarakimu 8 au 11, na ya tano na ya sita hutaja nchi. KCBLKENX, kwa mfano, ni wa benki ya KCB, na KE iliyo katikati ni Kenya. Upande wa dola picha ni tofauti. Benki ya Mombasa hupokea dola kupitia akaunti yake katika benki wakala, mara nyingi New York, hivyo ni kawaida kukuta hapo msimbo wenye US, na chini yake jina la benki yako kama mpokeaji wa mwisho. Kama dola zako zimo tayari katika akaunti ya benki hiyo hiyo, hakuna safari ya New York. Benki itakata tu akaunti yako, na hati itaje namba hiyo.

Maelekezo haya kwa kawaida huwekwa mara moja kati ya mteja na benki, kisha hutumika muamala baada ya muamala bila kubadilika. Hapo ndipo wezi huingilia. Barua pepe huja ikiwa na nembo sahihi, jozi sahihi, kiwango sahihi na tarehe sahihi, ila akaunti ya kupelekea dola ni mpya, pamoja na sentensi fupi kwamba ya zamani inafanyiwa ukaguzi. Mabadiliko ya nchi katika msimbo, jina la mpokeaji lisilofanana na la benki, au haraka isiyoelezeka ni dalili, lakini mwizi makini haachi dalili. Kinga ya kweli ni simu: piga benki kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si iliyoandikwa katika barua hiyo, uongee na mtu unayemfahamu, na mtu mwingine ofisini athibitishe kabla ya fedha kutoka. Dola zilizokwisha ingia katika akaunti ya mgeni ni vigumu mno kuzirudisha.

Fanya haya yote siku hiyo hiyo hati inapofika. Masharti ya benki nyingi husema kwamba mteja asipopinga ndani ya muda uliotajwa, hati itachukuliwa kuwa sahihi, na benki nyingi hurekodi simu za dawati lao. Ukiona tofauti, usitie sahihi huku ukiahidi kuzungumza baadaye. Piga simu, omba rekodi isikilizwe, na udai hati mpya inayofuta ya kwanza.