Katriji ya wino haijulikani kwa umbo peke yake

Juzi nilikuwa Malindi mjini nikingoja gari la kurudi Kakuyuni, picha ikaingia kwenye WhatsApp. Katriji ya wino imelazwa juu ya meza, na chini yake maneno: "Mjomba, nichukulie nyeusi ya aina hii, kesho asubuhi nina mitihani ya shule ya kuchapisha." Mpwa wangu ana kibanda cha kutoa kopi hapo kwetu. Karatasi ya nambari ilikuwa imebanduka, maana katriji yenyewe imejazwa wino kwa sindano mara nyingi.

Muuzaji wa duka moja aliitupia jicho, akanitolea HP 123. Nikaziweka sambamba na picha: umbo lile lile, mgongo ule ule. Kidogo nilipe.

Picha ile ilikuwa inasema mengi, lakini si yote. Mgongoni mwa katriji kulikuwa na utepe wenye madoadoa ya shaba, na utepe huo unapinda hadi chini, kwenye kibamba kidogo kinachong'aa. Kibamba hicho ndicho kichwa cha kuchapisha, na wino hutokea kwenye vitundu vyake visivyoonekana kwa macho. Ukiona hivyo, jua kichwa kimo ndani ya katriji. HP hutengeneza za namna hii, na Canon vilevile. Katriji nyingi za Epson ni kinyume: kichwa hubaki ndani ya printa, na katriji ni tangi tu lenye kijibao kidogo ubavuni, chenye vituo vya dhahabu katika safu mbili, mara nyingi vinne juu na vitano chini. Kwa hiyo picha ya mgongo hukutoa kwenye ukoo mmoja hadi mwingine bila shida. (Tona ni mambo mengine: ile ya zamani ya HP 12A haina chipu kabisa, 85A inayo.)

Shida huanza ndani ya ukoo. HP imetumia umbo hilo moja kwa nambari nyingi: 122, 650, 123, 652. Kwenye picha ya simu mimi sioni tofauti ya 123 na 652, na sidhani fundi angeiona. Tofauti imo ndani. Madoadoa yale ya shaba hayapitishi umeme wa kuchapisha tu. Printa huyatumia pia kusoma kitambulisho kilichomo kwenye kichwa. Kitambulisho kisipokuwa kile inachokitaka, inakataa, hata kama katriji imeingia na kulia "ta" vizuri.

Nikampigia mpwa. "Acha katriji. Nipigie picha jina la mashine, kisha fungua mlango wa wino unipigie na karatasi iliyobandikwa humo ndani." Picha zikaja: DeskJet Ink Advantage 2135. Hiyo hutumia 652. Ndugu yake, DeskJet 2130, ndiye wa 123, na mashine hizo mbili ukiziweka mezani utadhani ni pacha. Zile za Ink Advantage zimekusudiwa mtu achapaye sana, wino wake uje kwa bei nafuu, ndiyo sababu nambari zimetenganishwa.

Wenye jamaa ng'ambo wana mtihani wa ziada. DeskJet 2130 iliyonunuliwa Ulaya hutaka 302, na ya Marekani hutaka 63, umbo likiwa lile lile. Akikuletea printa kama zawadi, mwombe alete na katriji zake, ama atume picha ya karatasi ya ndani kabla hajafunga sanduku.

Nambari ikiwa sahihi na printa bado inakataa, hapo ndipo picha ya shaba inapofaa tena. Itazame kwenye mwanga. Kama utepe wa plastiki wa kiwandani haujabanduliwa, au kuna wino uliokauka juu ya madoadoa, kosa ni hilo: bandua, au futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowa kidogo maji yaliyochujwa kwa mvuke, uache ikauke. Usikigusie kidole kibamba cha chini. Lakini doa likiwa limechunika au utepe umekatika, hakuna kufuta kutakakolirudisha.

Nilirudisha 123 kaunta, nikachukua 652 nyeusi. Gari likanikuta barabarani, na kabla ya Isha mashine ilikuwa inatema karatasi za darasa la sita. Ile kuukuu mpwa hakuitupa, ataijaza tena. Nilimwandikia 652 ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, mbali na shaba.