«Isipokuwa» na «jibu bora»: kitabu, kijana na kilo

Tuchukue swali moja la mofolojia ya Kiswahili: «Maneno haya yote yana kiambishi cha ngeli ya 7, isipokuwa: (a) kiti, (b) kitabu, (c) kijana, (d) kilo.»

Wengi huona majibu matatu. Kitabu kimetoka Kiarabu, na ki- yake ilikuwa sehemu ya mzizi. Kijana hufuata upatanisho wa ngeli ya 1: tunasema «kijana amefika». Kilo nayo haibadiliki katika wingi: «kilo mbili». Kila hoja ni ya kweli, lakini swali halikuuliza asili wala upatanisho. Limeuliza kiambishi.

Kwa hiyo, funika neno «isipokuwa» kwa kidole, kisha uulize kila neno swali lililobaki: lina kiambishi cha ngeli ya 7? Andika N kwa ndiyo, H kwa hapana. Kiti, viti: N. Kitabu, vitabu: N. Kijana, vijana: N. Kilo: H, kwani hakuna anayesema «vilo». Sasa ondoa kidole. «Isipokuwa» inatafuta H iliyo peke yake, nayo ni (d). Anayekosea mara nyingi ameanza vizuri, ila amesahau katikati kwamba anatafuta lisilofaa, akachagua neno la kwanza lililo sahihi.

«Jibu bora» hutaka kazi nyingine. «Kwa nini wingi wa kitabu ni vitabu? Chagua jibu bora: (a) kwa sababu neno linaanza na ki-, (b) kwa sababu wasemaji waliichukua ki- yake kuwa kiambishi cha ngeli ya 7.» Jibu (a) si uongo, maana bila ki- hiyo jambo lisingetokea. Lakini lijaribu kwa neno lingine: kilo pia inaanza na ki-, na wingi wake si «vilo». Sababu inayotimia hapa na kushindwa pale haijatosha. Jibu (b) linaeleza maneno yote mawili.

Na «yaelekea zaidi»? Mtu anasema «kitabu yangu». Je, ulimi umeteleza, au ndiyo sarufi ya Kiswahili chake? Yote mawili yanawezekana. Rudi kwenye maelezo ya swali: kama yanasema kwamba anasema pia «kiti yangu» na «kisu yangu», chagua sarufi. Ulimi hauteleziki kila mara mahali pale pale.

Njia hii ina mpaka wake. Swali likiandikwa «maneno haya yote ni ya ngeli ya 7, isipokuwa…», bila kutaja kiambishi, kijana na kilo vyote vinaweza kutetewa. Hapo kosa si la mwanafunzi. Anayetunga swali aandike kigezo ndani yake. Anayelijibu amwulize msimamizi kabla ya kuchagua.