Kidole Gumba Kabla ya Mizani

Swali la mtihani linasema: mtoto wa miaka 2, kilo 9, aliachishwa ziwa mdogo wake alipozaliwa, hula uji mtupu wa mahindi. Miguu yote miwili imevimba. Ni kwashakoo au marasmasi?

Mtahiniwa makini huanza na uvimbe. Mwuguzi akibonyeza juu ya nyayo kwa kidole gumba kwa sekunde chache, kishimo hubaki pale, miguu yote miwili. Marasmasi haina uvimbe huo. Mtoto hukonda mpaka mbavu zikahesabika na uso ukafanana na wa mzee.

Kisha uzito. Umri huo hutarajiwa kilo 12 hivi, kwa hiyo kilo 9 ni asilimia 75. Kwa mgawanyo wa Wellcome wa mwaka 1970, asilimia 60 hadi 80 pamoja na uvimbe ni kwashakoo. Angekuwa na kilo 6.5 bila uvimbe, ingekuwa marasmasi. Kilo hizohizo na uvimbe, zote mbili kwa pamoja.

Mtego uko hapa: maji ya uvimbe huongeza kilo, hivyo mizani hudanganya. Uji mtupu nao ni kidokezo tu, kwani upungufu wa protini pekee hauelezi kwashakoo yote. Vidokezo vikipingana, uvimbe ndio uamue.