Nani Aliyemaliza Kazi?

Katika Kiingereza, kishazi kama "Having finished the work" hakina kiima. Kinaeleza kwamba kazi iliisha kabla ya tendo linalofuata, lakini hakimtaji aliyeimaliza. Msomaji humtafuta katika kishazi kikuu, kwa kuwa kiima cha hapo ndicho kinachohesabiwa kuwa mtendaji wa matendo yote mawili. "Having finished the work, Asha went home" ni sentensi safi: Asha ndiye aliyemaliza kazi, na ndiye aliyekwenda nyumbani.

Mzungumzaji wa Kiswahili hujikwaa hapa kwa sababu inayoeleweka. Kitenzi chake kimezoea kubeba kiima popote kiendapo. Katika "Alipomaliza kazi, mvua ilianza kunyesha", kiambishi a- kinamwonyesha mtu na i- kinaionyesha mvua, kwa hiyo hakuna utata. Akiandika kwa Kiingereza "Having finished the work, the rain started", ile a- inapotea bila kuacha alama. Kiima pekee kinachobaki ni mvua, na kwa mujibu wa kanuni, mvua ndiyo iliyomaliza kazi.

Kosa hilo hugundulika kwa kukiweka kiima cha kishazi kikuu mbele ya kitenzi cha kwanza: "The rain finished the work." Maana ikiwa haiingii akilini, sentensi inahitaji kutengenezwa. Njia iliyo salama zaidi ni kumrudisha mtendaji: "After Asha had finished the work, the rain started."

Kauli ya kutendwa hulificha kosa hili vizuri zaidi, hasa katika ripoti za ofisini. "Having finished the work, the office was locked" husomeka kama Kiingereza cha heshima, kumbe ni ofisi iliyomaliza kazi. "Having finished the work, Asha locked the office" huondoa tatizo. Hata hivyo, kauli yenyewe haina hatia: "Having been repaired, the car was sold" ni sahihi, maana gari lilitengenezwa na gari hilohilo likauzwa.

Wenye lugha nao huteleza. Katika tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare, mzimu wa mfalme unasimulia uvumi kwamba aliumwa na nyoka akiwa amelala bustanini. Kwa jinsi maneno yalivyopangwa, kisarufi aliyelala ni nyoka. Wasikilizaji huelewa kwa muktadha, lakini msahihishaji makini wa insha leo angeipigia mstari sentensi ya namna hiyo.

Kanuni hii ina mipaka. Kishazi kinaweza kuja na kiima chake chenyewe, kama katika "The rain having stopped, Asha went home", muundo unaofaa zaidi maandishi rasmi kuliko mazungumzo. Na misemo kama "Generally speaking" imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuliza msemaji ni nani.